Kusafisha picha ya uso kwenye brauza bila ngozi kugeuka majivu: mwongozo kamili kwa kompyuta isiyo na programu ya kulipia

Mwezi huu nimeletewa picha tano za uso zenye ugonjwa mmoja. Wenyewe wamefuata video wanazoziona mtandaoni: wameweka ukungu juu ya uso mzima, wameongeza mwanga, wamepaka weupe kidogo chini ya macho. Ngozi imetoka laini kama ndoo ya plastiki, na kibaya zaidi imepata rangi ya majivu. Kijana mmoja alikuwa amesafisha picha ya mama yake, akamwonyesha dada yake kabla ya kuipeleka kuchapwa. Dada akaitazama kidogo, akamuuliza, "Mama umempaka unga?"

Basi mwongozo huu nimeujenga juu ya picha hiyohiyo ya mama, ambayo mwanawe alinirudishia ikiwa ghafi. Amevaa gomesi ya satini ya kijani kibichi, amepigwa kwa simu mchana nje ya nyumba, siku ya kwanjula ya binti yake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi. Uso una jasho, paji linang'aa, pua inang'aa, na chini ya kidevu pana rangi ya kijani isiyo ya ngozi. Familia inataka karatasi ya A4 ya kutundika sebuleni.

Tutatumia Photopea, inayofunguka ndani ya brauza kwa anwani photopea.com. Ni ya bure, inaonyesha matangazo pembeni, na haidai uandikishe jina. Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo, ili usihangaike kuyatafuta.

## Unachohitaji mkononi

Kompyuta yenye brauza ya karibuni, Chrome, Firefox au Edge. Mashine ya kawaida ya intaneti kafe inatosha, ila funga tabo nyingine zote kwanza, kwa sababu Photopea inatumia kumbukumbu ya mashine yako yenyewe. Picha yako haipandishwi kwenye seva ya mtu. Kazi yote inafanyika hapo mezani, na ukurasa ukishafunguka hata bando likiisha unaweza kuendelea, mradi usiufunge.

Mausi. Usijaribu kazi hii kwa kidole kwenye padi ya laptopu, utatukana watu wasio na kosa.

Flashi diski, ukiwa kwenye kompyuta isiyo yako. Kila unachohifadhi kinaangukia kwenye folda ya Downloads, na kafe nyingi huwa zinafuta folda hiyo mashine ikizimwa.

Mwisho, picha ya asili. Hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tunaanzia hapo.

## Hatua ya 1: Pata faili la asili

Picha ya mama ilinifikia kwanza kwa WhatsApp, ikiwa na pikseli 1200 kwa 1600. Nilimwambia kijana arudi kwenye simu iliyopiga na anitumie upya kama dokumenti, si kama picha. Ikaja na 3000 kwa 4000.

Tofauti yake ni hii. Urefu wa A4 ni inchi 11.69. Ukigawa 4000 kwa hiyo unapata pikseli 342 kwa inchi, na wachapaji huomba 300. Ukigawa 1600 unapata 137 tu, na karatasi itaonyesha ukungu hata ungekuwa fundi wa namna gani. Zaidi ya hapo, WhatsApp inapokandamiza picha inaacha vijisanduku vidogo kwenye ngozi, na brashi za kutibu madoa zinavichukua vijisanduku hivyo na kuvisambaza.

Fungua kwa File > Open, kisha angalia Image > Image Size. Ukiona upande mrefu uko chini ya 3500 na unataka A4, itafute picha ya asili kwanza. Usiongeze namba kwenye dirisha hilo ukidhani umepata ubora, umepata faili zito tu.

## Hatua ya 2: Tengeneza nakala na uokoe mara kwa mara

Bonyeza Ctrl+J. Upande wa kulia, kwenye paneli ya Layers, utaona leya ya pili, yaani tabaka jingine la picha, juu ya ile ya kwanza. Bonyeza mara mbili juu ya jina lake uiite "madoa". Leya ya chini huigusi tena hadi mwisho. Hiyo ndiyo ushahidi wako: ukizima jicho la leya ya juu unaona mama alivyokuwa, na bila ushahidi huo macho yako yatakudanganya ndani ya dakika kumi.

Hifadhi kwa File > Save as PSD kila unapomaliza hatua, kwa sababu faili la PSD linatunza leya zako zote zikiwa bado mbalimbali. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani haina betri ya kukusubiri.

Onyo kwa waliozoea programu ya kulipia: hapa uko ndani ya brauza. Ukibonyeza Ctrl+W ukidhani unafunga picha, unaweza kufunga tabo nzima na kazi yako ndani yake. Ctrl+N nayo inaweza kukufungulia dirisha jipya la brauza. Tumia menyu kwa mausi mpaka mkono uzoee. Ukitaka kurudi nyuma hatua kadhaa, fungua Window > History ubonyeze pale ulipotaka kurudi.

## Hatua ya 3: Madoa, moja baada ya jingine

Kabla ya kugusa brashi, muulize mwenye picha nini kibaki. Kanuni yangu ni kwamba kitu kitakachokuwa kimepona baada ya wiki mbili kinaweza kuondoka: chunusi, mkwaruzo, uzi wa nguo, tone la jasho. Kitu anachotambulika nacho kinabaki. Mama huyu ana chale mbili ndogo pembeni ya jicho la kushoto. Aliyeisafisha kwanza alizifuta, na nadhani hilo lilimuudhi dada kuliko ule unga.

Sogeza picha karibu kwa kushikilia Alt na kuzungusha gurudumu la mausi, mpaka uso ujaze kioo. Upande wa kushoto chagua Spot Healing Brush Tool, yenye alama ya plasta ya kidonda. Ukubwa wa brashi uuongeze kwa `]` na kuupunguza kwa `[`. Duara la brashi liwe kubwa kidogo tu kuliko doa. Chunusi ya mama shavuni ilikuwa na upana wa pikseli 18 hivi, nikatumia brashi ya 24.

Bonyeza mara moja, achia. Usiburute. Kifaa hiki kinakopa ngozi ya jirani na kuilainisha ukingoni. Ukikiburuta kwenye eneo refu kinakopa kutoka mbali, na unapata kipande cha shavu kimekaa kwenye paji.

Kuna mahali kinakosea karibu kila mara, nako ni pale rangi mbili zinapokutana: mpaka wa nywele, ukingo wa mdomo, mstari wa gomesi shingoni. Hapo kinavuta weusi wa nywele na kuuingiza kwenye ngozi kama wino uliovuja. Maeneo hayo yafanye kwa Clone Stamp Tool. Shikilia Alt, bonyeza ngozi safi iliyo umbali uleule kutoka mpakani, achia, kisha bonyeza juu ya doa. Ukali wa brashi, yaani Hardness, uuweke karibu asilimia 50.

Umefaulu kama ukirudisha picha kwenye asilimia 100 huoni doa wala huoni mahali doa lilipokuwa. Angalia hasa kama kuna vinyweleo viwili vinavyofanana kabisa, vimekaa jirani kama mapacha. Hiyo ni alama kwamba umekopa mahali pamoja mara nyingi mno. Rudi kwenye History uanze kipande hicho upya.

## Hatua ya 4: Mng'ao wa jasho, na hapa ndipo majivu yanapozaliwa

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike, kwa hiyo vumilia nikiirefusha.

Kwenye ngozi nyeusi, umbo la uso linachorwa zaidi na mng'ao kuliko kivuli. Mwanga unaokaa juu ya paji, daraja la pua, mfupa wa shavu na kidevu ndio unaoliambia jicho kwamba uso una milima na mabonde. Ukiufuta wote, uso unalala bapa kama karatasi. Ukiuacha wote, mtu anaonekana ametoka kukimbia kupanda kilima cha Nakasero. Kazi yetu ni kuupunguza nusu.

Sasa majivu yanatoka wapi? Chukua Eyedropper Tool, bonyeza shavu la mama mahali pasipong'aa, kisha bonyeza kisanduku cha rangi chini ya vifaa ili kusoma namba za R, G na B. Mimi nilipata R 138, G 92, B 68. Nyekundu iko juu, kijani katikati, buluu chini, na pengo kati ya ya kwanza na ya mwisho ni 70. Ngozi yenye afya kwenye picha ina mpangilio huo, iwe nyeusi sana au maji ya kunde: nyekundu inaongoza, na pengo linaonekana.

Kisha bonyeza katikati ya mng'ao wa paji. Nilipata R 236, G 225, B 218. Pengo limeshuka hadi 18. Mng'ao hauna rangi ya ngozi, una rangi ya anga inayoakisiwa na jasho. Sasa mtu anapoweka Gaussian Blur, ule ukungu wa kwenye video, juu ya uso mzima, anachanganya huu weupe usio na rangi na ngozi iliyo jirani. Ngozi yote ya jirani inapoteza wekundu wake, pengo linapungua, na hapo ndipo mama anapakwa unga. Kuongeza mwanga baadaye kunazidisha tu. Wengine hujaribu kuupunguza mng'ao kwa brashi nyeusi, na hapo wanapata kijivu kamili, kwa sababu weupe ukichanganywa na weusi hauzai kahawia.

Dawa ni kuurudishia mng'ao rangi ya ngozi yenyewe, kidogokidogo.

Tengeneza leya mpya tupu kwa Layer > New > Layer, iwe juu ya leya ya "madoa". Iite "jasho". Juu ya paneli ya Layers kuna kisanduku kilichoandikwa Normal. Kifungue, chagua Darken. Maana yake ni kwamba rangi utakayopaka itagusa tu sehemu zilizo na mwanga kuliko rangi hiyo. Vinyweleo na mistari myeusi ya ngozi vitabaki kama vilivyo, hata ukipita juu yake. Ndiyo maana njia hii haitoi plastiki.

Chukua Brush Tool kwa kubonyeza B. Juu ya ukurasa weka Hardness sifuri na Opacity, yaani uzito wa rangi, asilimia 12. Ukubwa uwe kama nusu ya upana wa eneo linalong'aa.

Shikilia Alt na ubonyeze ngozi iliyo kandokando ya mng'ao, pale unapoanza kufifia, si mbali kwenye kivuli. Brashi inachukua rangi hiyo. Picha za simu zina chembechembe, na mbonyezo mmoja unaweza kudaka chembe moja ya ajabu. Kwa hiyo bonyeza mara mbili tatu mahali tofauti na uangalie kisanduku cha rangi mpaka upate kahawia unayoiamini. Kwa paji nilichukua R 171, G 122, B 96. Iko juu kidogo kuliko shavu, kwa sababu paji lilipokea mwanga zaidi.

Sasa paka kwa mipigo mifupi, ukianzia ukingoni mwa mng'ao kuelekea katikati. Kila mpigo unaongeza kidogo. Ukifika sehemu nyingine, shikilia Alt tena na uchukue rangi ya hapohapo. Usipake pua kwa rangi ya paji. Uso wa mtu hauna rangi moja: paji mara nyingi ni jeusi kuliko mashavu, na kuzunguka mdomo kuna rangi yake. Anayetumia rangi moja uso mzima ametengeneza barakoa.

Utaona umezidisha. Wote tunazidisha. Ndiyo sababu tulipaka kwenye leya ya peke yake: shusha Opacity ya leya nzima, iliyo juu ya paneli ya Layers, mpaka uso uanze tena kuwa na umbo. Kwa mama nilisimama kwenye 60.

Kuna kikomo kimoja. Ukibonyeza katikati ya mng'ao ukapata 255, 255, 255, hapo hakuna ngozi tena, kamera iliunguza kila kitu. Rangi utakayopaka itakaa kama kibandiko laini kisicho na vinyweleo. Kwenye ncha ya pua ya mama palikuwa na doa la namna hiyo, dogo kama punje ya mtama. Nililipaka kidogo tu na kuliacha ling'ae. Likiwa kubwa kama sarafu, mshauri mwenye picha apigwe upya kivulini, uso ukiwa umefutwa kwa leso. Ni dakika tano dhidi ya saa mbili.

Kupima kama umefaulu, rudi na Eyedropper kwenye paji. Mimi nilipata R 203, G 172, B 154. Bado pana mwanga, lakini pengo sasa ni 49, na nyekundu inaongoza. Ukikuta namba tatu zimekaribiana, chini ya 20 kati ya ya juu na ya chini, umechukua rangi kwenye sehemu iliyokwisha kupauka. Futa leya uanze tena. Kuanza upya leya hii ni kazi ya dakika kumi, usiifanyie huruma.

## Hatua ya 5: Kijani cha gomesi kwenye kidevu

Satini ni kioo. Jua likipiga kifuani, gomesi ya kijani inarusha kijani chake chini ya kidevu na kwenye mashavu upande wa chini. Kanzu nyeupe haina taabu hiyo, inarusha mwanga mweupe tu. Mtu akiona ngozi ya kidevu imekaa ovyo bila kujua sababu, hukimbilia kubadilisha rangi ya picha nzima, na gomesi inageuka kuwa na rangi ambayo haikununuliwa. Shangazi wa harusi hawatasamehe hilo.

Tengeneza leya nyingine, iite "kidevu", na safari hii chagua Color badala ya Darken. Leya ya Color inabadilisha rangi bila kugusa mwanga na kivuli. Chukua Brush ileile, Opacity 15. Kwa Alt chukua rangi ya shavu lililo safi, kisha pitisha chini ya kidevu na kwenye shingo penye kijani.

Hapa usijali kama rangi uliyochukua ina mwanga kuliko kidevu, kwa sababu leya hii inachukua rangi tu. Jali mpaka wa nguo. Ukivuka na kugusa gomesi utaona kahawia inaota kwenye ukosi. Kifutio, E, kinasafisha.

Usiondoe kijani chote. Jicho linajua kwamba nguo ya kijani iko pale, na kidevu kisicho na hata dalili yake kinaonekana kimekatwa kutoka picha nyingine. Nusu inatosha, na ukitaka uhakika zima na kuwasha jicho la leya mara tatu nne. Ikiwa unachokiona ni "kidevu kimebadilika", punguza. Ikiwa ni "uso umetulia", umefika.

## Hatua ya 6: Chini ya macho

Fupi hii. Nenda Layer > New Adjustment Layer > Curves. Kwenye mchoro shika katikati ya mstari uuinue kidogo sana. Uso wote utang'aa. Hakikisha kisanduku cheupe cha maski pembeni ya leya, kinachoamua leya ionekane wapi, ndicho kilichochaguliwa, kisha bonyeza Ctrl+I. Maski inageuka nyeusi na mwanga unapotea. Sasa chukua brashi nyeupe, Opacity 10, na upake tu pale kivuli cha chini ya jicho kinapozama.

Faida yake ni kwamba huweki rangi yoyote, unainua ile iliyopo. Ndiyo tofauti na wale wanaopaka krimu nyeupe chini ya macho.

Mifuko na mikunjo ya mama ni ya miaka hamsini na kitu. Ilegeze, usiifute. Na nyeupe ya jicho iache ilivyo. Jicho la mtu mzima halina weupe wa karatasi, lina umanjano kidogo, na ukilipausha linamtokea mtu usiku.

## Hatua ya 7: Ondoka kwenye kiti

Hifadhi PSD, kanywe chai. Macho yaliyokaa saa nzima yakitazama vinyweleo hayaoni tena uso. Ukirudi, punguza picha mpaka iwe na ukubwa wa kadi ya kitambulisho kwenye kioo, uitazame kwa mbali. Mama anaonekana ni mama? Kisha shikilia Alt na ubonyeze jicho la leya ya chini kabisa, ile ya asili, ili ibaki yenyewe. Bonyeza tena hivyohivyo kurudisha zote.

Mimi katika picha hii nilipofanya hivyo niligundua upande wa kulia wa paji umelala bapa kuliko wa kushoto. Nilikuwa nimepaka upande mmoja kabla simu haijaita na mwingine baada yake, nikiwa na haraka. Nikachukua kifutio chenye Opacity 20, nikapita mara mbili kwenye leya ya "jasho" upande ule, mng'ao ukarudi.

Angalia pia kioo chenyewe. Vioo vingi vya kafe vimekaa na ubuluu na mwanga wa juu kabisa, kwa hiyo ngozi itaonekana ya baridi na utashawishika kuiongezea wekundu. Ndiyo maana nilikupa namba. Kioo kinaweza kudanganya, namba za R, G na B hazijui kama kioo ni kibovu.

## Hatua ya 8: Toa faili la kuchapa

Kata kwanza kwa uwiano wa karatasi. Picha ya simu ina uwiano wa 3 kwa 4, A4 ni nyembamba zaidi. Kwa urefu wa 4000, upana unaotakiwa ni 2828. Chagua Crop Tool, kata pembeni, ukiacha nafasi juu ya kitambaa cha kichwa na kuonyesha mabega ya gomesi yalivyosimama, maana gomesi bila mabega yake si gomesi.

Kisha File > Export as > JPG. Quality iweke 90 au zaidi. Weka JPG na PSD zote mbili kwenye flashi. Usijitumie JPG kwa WhatsApp kama picha, utakuwa umerudi hatua ya 1.

Kama unachapia Kampala, kule Nasser Road au mitaa ya jirani, kuna mashine za kila namna na kila moja ina tabia yake. Usilipie A4 kumi kwa mpigo. Omba kwanza kipande kidogo cha postikadi kutoka faili hilohilo, utoke nacho nje ya duka ukitazame juani, kwa sababu ndani kuna taa za umeme zinazobadilisha ngozi. Ngozi ikitoka nyeusi mno, rudi kwenye PSD, weka leya moja ya Curves juu ya zote na uinue katikati kidogo bila kugeuza maski.

Na kabla hajabonyeza, mwambie mchapaji azime urekebishaji wa rangi wa mashine yake. Mashine nyingi huwa zimewekwa zing'arishe nyuso zenyewe. Picha ya mama ilitoka mara ya kwanza na unga uleule tuliouosha saa mbili, na tatizo lilikuwa alama moja ya vema kwenye kisanduku cha mchapaji. Akaiondoa, akachapa tena. Chale mbili zilionekana.